Bei ya machungwa Muheza: mabaki ya rigresheni yanajikusanya kwenye ramani. Modeli ya lagi ya kieneo ndiyo dawa?

Chungwa_Tamu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Niko Tanga mjini, naandika tasnifu ya uzamili kuhusu bei ya machungwa shambani wilayani Muheza. Nina data ya vijiji 62 niliyoikusanya mwenyewe kwa bodaboda, wiki tatu mfululizo: bei anayolipwa mkulima kwa chungwa moja, kilomita kutoka kijijini hadi barabara ya lami, wastani wa miti kwa mkulima, na kama kijiji kina gulio au hakina.

Rigresheni ya kawaida ilinipa jibu safi. Kila kilomita moja ya kuwa mbali na lami inapunguza bei kwa shilingi 1.4. Nikadhani nimemaliza. Msimamizi wangu akaniambia nichore mabaki kwenye ramani kwanza. Vijiji ambavyo bei yake ilikuwa juu ya makadirio ya modeli nikavipaka nyekundu, vilivyokuwa chini nikavipaka bluu. Nilitegemea rangi zichanganyike ovyo. Badala yake nyekundu zimejikusanya upande wa tambarare karibu na barabara kuu, na bluu zimekaa pamoja kuelekea milima ya Amani, kana kwamba mtu amepaka kwa brashi.

Nikapima kipimo cha Moran, kinachoonyesha kama majirani wanafanana, kwenye mabaki, kikatoa 0.31. Kama kusingekuwa na mpangilio wowote, kwa vijiji 62 nilitakiwa nipate kitu karibu na -0.016, yaani kasoro 1 kugawanya kwa 61. Msimamizi kasema "weka modeli ya lagi ya kieneo" kisha akasafiri. Nataka kuelewa kabla sijaweka. Hili tatizo linaharibu nini hasa kwenye kazi yangu, na hiyo modeli inalitibu vipi?

---

Kaka_Chumbageni

Mkuu, hilo ni tatizo la kawaida la otokorelesheni. Pima Durbin-Watson, ikiwa mbali na 2 basi weka bei ya nyuma kama kigezo, umemaliza. Sisi kwenye data za mauzo ya kila mwezi tunafanya hivyo siku zote.

---

Mzee_Raskazone

Kijana wa Chumbageni, hiyo ni dawa ya data za wakati. Januari inatangulia Februari, hakuna ubishi, na Februari haiwezi kurudi ikaiathiri Januari. Vijiji havina foleni ya namna hiyo. Durbin-Watson inalinganisha kila mstari wa jedwali na mstari ulio juu yake. Mwambie huyu binti apange vijiji vyake kwa alfabeti, apime, kisha avipange kwa idadi ya miti, apime tena. Atapata majibu mawili tofauti kutoka data ileile. Kwenye ramani kila kijiji kina majirani pande kadhaa, na wote wanaathiriana kwa wakati mmoja.

Binti, kuhusu linaharibu nini. Kuna hali mbili, na mabaki peke yake hayakuambii uko kwenye ipi.

Ya kwanza, kuna kitu ambacho hukukipima na kinafanana kwa vijiji vya jirani: udongo, mwinuko, mvua. Kama kitu hicho hakihusiani na umbali wa lami, makadirio yako ya 1.4 hayapindi, ila unajiamini kupita kiasi. Unadhani una mashahidi 62 huru, kumbe wengi wanarudia maneno ya jirani yao. Kosa sanifu linatoka dogo kuliko ukweli.

Ya pili ni nzito zaidi: bei ya kijiji kimoja yenyewe inaingia ndani ya bei ya kijiji kingine. Hapo ukiiacha nje, umeacha kigezo halisi, na ile 1.4 yenyewe imepinda. Hali ya kwanza ina modeli ya kosa; modeli ya lagi ilitengenezwa kwa hali hii ya pili. Kwa hiyo kabla ya kitu kingine, tuambie mkulima wa Muheza anapangaje bei.

Na jambo dogo: ulitumia amri gani kupima Moran kwenye mabaki? `moran.test` ni ya data ghafi. Mabaki yametoka kwenye rigresheni, tayari yamefungwa na vigezo vyako, kwa hiyo tumia `lm.morantest`.

---

Chungwa_Tamu

Shikamoo mzee. Ni kweli nilitumia `moran.test`. Nimerudia kwa `lm.morantest`, kipimo ni kilekile 0.31, wastani unaotarajiwa umesogea kidogo, na bado thamani ya p ni ndogo mno.

Kuhusu bei, nieleze nilichokiona kwa macho. Dalali anafika na pikipiki, anazunguka chini ya miti, anakadiria kwa jicho. Kijiji kimoja alitaja shilingi 60. Mkulima hakumjibu yeye, alitoa simu akampigia shemeji yake kijiji cha pili. "Jana mmeuzaje huko?" Akaambiwa 75. Akakata simu, akamgeukia dalali, akasema 75, kama hutaki acha. Wakamalizana kwa 70. Nimeona mambo ya aina hiyo vijiji vingi, kwa hiyo bei inasafiri kweli.

---

Mzee_Raskazone

Marahaba. Hiyo simu ya shemeji ndiyo lagi ya kieneo yenyewe. Wengi wanaweka modeli hii kwa sababu kipimo kimewaambia, bila kuwa na simu ya shemeji.

---

Mhasibu_Ngamiani

Dada, usihangaike na programu ngumu. Kwenye Excel tengeneza safu mpya: kwa kila kijiji chukua wastani wa bei ya majirani zake wanne. Hiyo safu iweke kama kigezo cha nne, endesha rigresheni yako ya kawaida. Hiyo ndiyo modeli ya lagi, nimeiona kwenye mafunzo: `y = ρWy + Xβ + ε`. Hiyo `Wy` ni wastani wa majirani tu, `ρ` ni nguvu ya wastani huo kwenye bei yako, `ε` ni kosa, hakuna uchawi.

---

Mzee_Raskazone

Nusu ya maneno yako ni sahihi kabisa, ndugu Mhasibu. `Wy` ni wastani wa majirani, na mlinganyo ndio huo. Kosa liko kwenye kuiendesha kwa rigresheni ya kawaida.

Fuata mkono wangu. Kijiji A siku hiyo kilipata bahati, dalali mgeni alilipa zaidi. Bahati hiyo haimo kwenye vigezo vyako, kwa hiyo inakaa kwenye `ε` ya A. Bei ya A ikapanda. B akasikia, bei ya B ikapanda. Sasa unapokadiria mlinganyo wa A, unaweka bei ya B kama sababu, wakati ndani ya bei ya B imo bahati ya A mwenyewe. Ni kama kujitazama kwenye kioo ukasema yule mtu wa ndani ananiiga, halafu ukamtumia kama shahidi wako. Rigresheni ya kawaida inadai kigezo kisihusiane na `ε`, na hapa kinahusiana kwa maumbile yake. Kuongeza vijiji hakuponyi. Hata ukileta vijiji 6,000 `ρ` itabaki imepinda, na kwa kawaida inatoka kubwa kuliko ilivyo.

Njia zilizozoeleka ni mbili. Moja ni kukadiria bei zote kwa pamoja kama mfumo mmoja, kwa mbinu ya uwezekano wa juu kabisa ambayo Ord aliiandika mwaka 1975. Ya pili ni kuitabiri bei ya jirani kwa kutumia sifa za majirani, mfano umbali wao wa lami na miti yao, kisha utumie bei iliyotabiriwa badala ya ile halisi. Kelejian na Prucha waliiweka sawa njia hiyo mwaka 1998. Kwenye R ya kwanza ni `lagsarlm`, ya pili ni `stsls`, zote ziko kwenye `spatialreg`.

---

Chungwa_Tamu

Nimekaa nayo usiku kucha. Hii ndiyo niliyoendesha:

```r
library(sf); library(spdep); library(spatialreg)
p  <- st_as_sf(d, coords = c("lon","lat"), crs = 4326)
p  <- st_transform(p, 32737)
W  <- nb2listw(knn2nb(knearneigh(p, k = 4)), style = "W")
f  <- bei ~ km_lami + miti + gulio
lm.RStests(lm(f, d), W, test = "all")
m  <- lagsarlm(f, d, listw = W)
summary(m)
```

Mwanzoni nilisahau ule mstari wa `st_transform`, nikataka majirani wa ndani ya mita 10,000 kutoka kwenye nukta za GPS. Kila kijiji kikawa jirani wa kila kijiji. Ilinichukua saa mbili kuelewa kwamba programu ilisoma 10,000 kama kilomita, kwa sababu nukta zilikuwa bado kwenye digrii. Anayefanya Tanga ajue tuko ukanda wa 37 Kusini, namba ndiyo hiyo 32737.

Majibu: vipimo vya kawaida vya lagi na vya kosa vyote viwili vinapiga kelele. Vile vilivyorekebishwa, `adjRSlag` ya lagi ina p ya 0.004 na `adjRSerr` ya kosa ina p ya 0.38, kwa hiyo vinaelekeza kwenye lagi. `ρ` ni 0.46. Chini ya `summary` kipimo cha mabaki kinasema hakuna tena kilichobaki.

Kinachonitatiza ni koefisienti ya kilomita. Ilikuwa -1.4, sasa imekuwa -0.8. Niandike kwamba lami ina athari karibu nusu ya tulivyodhani?

---

Mzee_Raskazone

Usiandike hivyo hata kidogo. Hapa ndipo tasnifu nyingi zinapoanguka. Hiyo -0.8 ni msukumo wa kwanza tu, kabla simu ya shemeji haijapigwa.

Chukua vijiji vitatu kwenye njia moja, A, B na C. A anamsikiliza B peke yake, C anamsikiliza B peke yake, na B anawasikiliza A na C nusu kwa nusu. Weka `ρ` iwe 0.5 ili hesabu iwe nyepesi. Sasa lami imefika B, na msukumo wa kwanza pale B ni shilingi 10.

A na C kila mmoja anachukua nusu ya kilichopanda B. B naye anachukua nusu ya wastani wa A na C, yaani robo ya kile chake mwenyewe kinamrudia. Kwa hiyo ongezeko la B ni 10 jumlisha robo ya ongezeko la B. Tatua: B anapanda kwa 13.33, A na C kwa 6.67 kila mmoja. Umeweka 10 kijiji kimoja, njia nzima imepata 26.67.

Sasa lami hiyohiyo ipeleke A badala ya B. Fanya hesabu ileile. A anapata 11.67, B 3.33, C 1.67. Jumla 16.67. Hela ileile ya barabara, matokeo tofauti, kwa sababu A yuko pembeni na anasikilizwa na mmoja ambaye ana masikio mawili.

Wastani wa zile jumla tatu, yaani lami ikifika B, ikifika A, au ikifika C, ni 20. Na 20 ni 10 kugawanya kwa 1 kutoa 0.5. Ukiweka majirani kwa wastani kama ulivyofanya kwa `style = "W"`, njia hiyo ya mkato inafanya kazi daima. Kwako: 0.8 kugawanya kwa 0.54, unapata karibu 1.48. Kwa hiyo athari yote ya kilomita moja ni kama -1.48, haijapungua. Tofauti ni kwamba sasa unajua sehemu gani inabaki kijijini na sehemu gani inavuja kwenda kwa jirani. Mgawanyo huo utaupata kwa `impacts(m, listw = W, R = 500)`, na hizo ndizo namba za kuweka kwenye jedwali lako.

---

MamaMwani

Samahani kuingilia, mimi nina la kwangu. Nafuatilia kilo za mwani kwa vijiji vya pwani ya Mkinga, ninatumia ramani ya mipaka, majirani ni waliogusana. Kijiji kimoja kiko kisiwani. R inakataa, inasema `Empty neighbour sets found`. Mwenzangu kaniambia niweke `zero.policy = TRUE`, ikakubali. Niko salama?

---

Mzee_Raskazone

Imekubali, ila jua imekubali nini. Kwa kile kijiji cha kisiwani, wastani wa majirani umewekwa sifuri. Modeli inasoma kwamba majirani wake wanavuna kilo sifuri. Dada, wewe unaijua bahari hiyo. Kijiji hicho kinapeleka mwani wapi, na mbegu kinachukua wapi? Mashua inaposhuka ndiko kuna jirani. Mwandikie majirani kwa mkono.

---

MamaMwani

Mbegu wanachukua ng'ambo, vijiji viwili. Nitawaunganisha. Asante sana, baba.

---

Shamba_Darasa

Nimeusoma uzi wote na ninamheshimu mzee, ila siko naye kwenye simu ya shemeji. Nimefanya tafiti za bei vijijini miaka mingi, na nimeona maambukizo ya bei yakitajwa mahali ambapo hayapo.

Mabaki yanayojikusanya yanaweza kutoka popote. Vile vipimo vilivyorekebishwa vinachagua kati ya modeli mbili ulizozipa, lagi au kosa. Kama tatizo ni kigezo kilichosahaulika ambacho kinafanana kwa majirani, `ρ` itakimeza kimyakimya na itaonekana nzuri sana. Ningeweka dami za kata na kosa sanifu kwa kata, basi.

Na nina swali moja kwa mwanzisha uzi. Ulitembea wiki tatu. Ulianzia wapi ukamalizia wapi?

---

Mzee_Raskazone

Dami za kata zitakula umbali wenyewe. Ndani ya kata moja vijiji vinatofautiana kilomita chache, utabaki na nini cha kukadiria? Na vijiji viwili vilivyotenganishwa na mpaka wa kata bado vinapigiana simu. Lakini swali la wiki ni zuri. Ajibu.

---

Chungwa_Tamu

Jamani. Wiki ya kwanza nilifanya vijiji vya barabarani kwa sababu bodaboda ilikuwa nafuu. Wiki ya pili vya katikati. Wiki ya tatu nikapanda kuelekea Amani. Na nilianza msimu ukifunguka, machungwa machache. Wiki ya tatu yalikuwa yamejaa, madalali wanachagua.

Kwa hiyo vijiji vya jirani nilivitembelea siku za karibu, na vya mbali na lami nilivitembelea bei ikiwa imeshashuka. Hili sikuliona kabisa.

Nimeongeza dami za wiki mbili, nikarudia kila kitu. `ρ` imeshuka kutoka 0.46 hadi 0.21, thamani ya p ni 0.07. Koefisienti ya kilomita ni -0.6. Athari yote, 0.6 kugawanya kwa 0.79, ni kama -0.76. Nusu ya -1.48 niliyokuwa nayo jana. Nimejaribu majirani 6 badala ya 4, `ρ` ni 0.24. Nimejaribu wote walio ndani ya kilomita 10, ni 0.17.

---

Shamba_Darasa

Ndicho nilichokihisi. Sehemu kubwa ya ujirani wako ilikuwa ratiba ya bodaboda.

---

Mzee_Raskazone

Nakubali, sehemu kubwa. Nilipaswa kuuliza hilo kabla sijakupa hesabu ya vijiji vitatu. Ila ninyi wawili msikimbilie upande wa pili. Wiki na umbali wa lami kwenye data hii vinatembea pamoja, kwa hiyo dami za wiki huenda zimechukua na sehemu ya umbali halali. Hiyo -0.76 inaweza kuwa ndogo mno kama vile -1.48 ilivyokuwa kubwa mno. Data hii haiwezi kuvitenganisha, hata ungeileta modeli gani.

Tena kuna jambo la milima. Ulitumia majirani wa mstari mnyoofu. Kijiji cha bondeni na cha juu ya mteremko vinaweza kuwa kilomita 4 kwenye ramani na saa nzima kwa pikipiki, na dalali haruki kama ndege. Tengeneza `W` ya pili kwa muda wa safari, uone kama `ρ` inapanda au inashuka.

---

Shamba_Darasa

Kwenye muda wa safari niko na mzee. Kwenye maambukizo bado siko. Hata `ρ` ikibaki, madalali walewale watano wanaozunguka vijiji vyote wanaweza kuleta bei zinazofanana bila mkulima yeyote kumsikiliza jirani. Modeli haiwezi kujua tofauti hiyo.

---

Chungwa_Tamu

Dalali mmoja ana daftari la mistari ya mraba, analiweka ndani ya shati. Nililiona: tarehe, jina la kijiji, idadi ya matenga, bei. Kijiji kilekile kimeandikwa mara nne au tano msimu huohuo. Nikipata hata vijiji kumi vyenye tarehe kadhaa, nitajua bei ilishuka kiasi gani kwa wiki bila kuchanganya na umbali, halafu niisahihishe bei ya kila kijiji kwa siku niliyofika. Pia nitaona kama vijiji anavyovizunguka yeye peke yake vinafanana kuliko vile vinavyopitiwa na madalali wawili watatu.

Alhamisi napanda basi kwenda Muheza. Nimeshampigia, kasema njoo, ila daftari halitoki mkononi mwake, nitanakili palepale.